Barabara ya mawe inapotazamwa kwa ubapa

Katika michezo mingi ya kompyuta, barabara iliyotandikwa mawe ni bapa tupu lililovikwa picha ya mawe. Kimo cha kila jiwe huwekwa kwenye picha ya pili, ya kijivu, iitwayo ramani ya vimo: palipo peupe ni kilele cha jiwe, palipo peusi ni mfereji kati ya jiwe na jiwe. Ramani hiyo hutumiwa kwa njia mbili. Paralaksi ya ufichaji huliacha bapa lilivyo na kuhadaa jicho katika kila pikseli, ilhali teselesheni hulikatakata bapa kuwa pembetatu ndogo, kisha huzinyanyua pembe zake kwa kadiri ramani inavyosema. Kamera ikitazama chini moja kwa moja, mtu hawezi kuzitofautisha kwa urahisi. Mambo hubadilika mstari wa macho unapolala karibu na ardhi.

Paralaksi hufanya kazi kwa hatua. Mwale kutoka kwenye kamera unapoligusa bapa, programu huufuata chini ya bapa hilo kidogo kidogo, na kila hatua huulinganisha na ramani ya vimo. Mwale ukishazama chini ya kimo cha jiwe, programu hukadiria mahali ulipoligusa jiwe kati ya hatua mbili za mwisho, na rangi ya mahali hapo ndiyo huchorwa.

Chukulia mawe yenye kina cha sentimita 4, yakitenganishwa na mifereji ya sentimita 1. Kwa pembe ya nyuzi 45, mwale husafiri sentimita 4 tu kwa mlalo kabla ya kufika chini kabisa, hivyo hatua 8 humaanisha nusu sentimita kila moja. Kwa nyuzi 5, mwale uleule husafiri karibu sentimita 46. Hata kwa hatua 32, kila moja ni sentimita 1.4, na hatua hiyo inaweza kuruka ukingo mwembamba wa jiwe bila kuuona. Kwenye skrini kosa hili hujulikana mara moja: mawe hukatika kuwa matabaka, kama kadi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kuongeza hatua hupunguza matabaka, lakini kila hatua ni usomaji mwingine wa ramani, na pikseli zenye mwale uliolala ndizo zinazojaa skrini kamera ikiwa chini.

Kuna kasoro ambayo hatua nyingi haziiponyi. Bapa limebaki bapa, kwa hiyo kingo za barabara na mgongo wa mwinuko hubaki zimenyooka kabisa, hata pale mawe ya duara yalipopaswa kujitokeza. Gurudumu la gari nalo hukatwa na mstari ulionyooka badala ya kukaa juu ya mawe. Programu ikirekebisha kina kinachoandikwa kwa kila pikseli, hili la gurudumu hutatuliwa. La kingo hubaki.

Teselesheni haina taabu hiyo, kwa sababu mawe yamejengwa kweli. Iliingia Direct3D 11 mwaka 2009, na mwaka huohuo kampuni ya Unigine ilitoa Heaven, programu ya kupima kadi za grafiki ambayo barabara yake ya mawe ilikuwa miongoni mwa maonyesho yake mashuhuri. Lakini ukingo mmoja wa kipande haugawanywi zaidi ya mara 64. Kipande cha mita 1 hutoa nafasi ya sentimita 1.6 kati ya pembe na pembe, na mfereji wa sentimita 1 hupotea katikati. Vipande vya nusu mita huupata, kwa shida.

Mtego mkubwa zaidi umo katika kuamua mgawanyo. Wengi hupima urefu wa ukingo unavyoonekana kwenye skrini. Barabara ikitazamwa kwa ubapa, ukingo unaoelekea mbali huonekana mfupi sana, hivyo hupewa mgawanyo mdogo, na mawe hulainika kuelekea upande huohuo ambao vimo vyake vinaonekana zaidi. Dawa yake ni kupima kipenyo cha tufe linaloufunika ukingo, kwa kuwa tufe halifupiki likigeuzwa. Hata hivyo, pembetatu zikiwa ndogo kuliko pikseli, kadi hupoteza nguvu, maana hupaka rangi kwa vikundi vya pikseli nne.

Uamuzi basi hutegemea kimo cha kamera. Kwa macho yaliyo mita 1.7 juu, pembe ya nyuzi 5 hufikiwa umbali wa takriban mita 19, ambako jiwe la sentimita 4 lina urefu wa pikseli 2 hivi kwenye skrini ya mistari 1080. Hapo paralaksi inaweza kufifishwa, na kivuli kilichochorwa kikatosha. Kamera ya mchezo wa magari, iliyo nusu mita juu, hufikia pembe hiyo kwenye mita 6, jiwe likiwa na pikseli 6 au 7. Hapo ndipo teselesheni inastahili gharama yake, hasa kwenye kingo za barabara na chini ya magurudumu.