Kitunguu huoza kuanzia shingoni

Harufu ndiyo ilinishtua kwanza. Mwaka jana nilivuna vitunguu vyangu vya kwanza kwa shamba la shosho huko Kieni, Nyeri. Magunia manne ya Red Creole. Siku hiyo hiyo nikavifunga na kuviweka stoo, ningoje bei ipande. Wiki tatu baadaye nafungua gunia nakuta shingo zimelainika, ndani kuna ukungu wa kijivu. Magunia mawili yalienda hivyo, na pesa zilikuwa za kukopa.

"Uliviweka kabla shingo haijafunga, kijana wangu," shosho akaniambia.

Kumbe kitunguu kikitoka ardhini, pale majani yanapokutana na kichwa bado ni mbichi na kuna maji. Ukungu huingilia hapo. Ukikikausha polepole, shingo inasinyaa na kubana, maganda ya nje yanakuwa kama karatasi, na kichwa kinajifunga chenyewe.

Msimu uliofuata tulianzia shambani. Majani ya karibu nusu ya vitunguu yalipolala yenyewe, tukaacha kumwagilia. (Usiyakanyage ili yalale, utaumiza shingo.) Tulivuna siku kavu, tukaviacha kwa mistari siku mbili, majani ya kimoja yakifunika kichwa cha kingine kwa sababu jua kali huchoma ganda. Kisha tukavitandaza kwa chanja, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, safu nyembamba ili upepo upite.

Vilikaa hapo wiki mbili. Kujua viko tayari ni rahisi: bana shingo kwa vidole na uisugue. Ikiteleza, kama kuna unyevu ndani, rudisha chanja. Ikiwa kavu na imebana, kata majani ubakishe kama sentimita mbili. Ukikata karibu sana na kichwa, umefungua mlango tena.

Vile vyenye shingo nene kama kidole gumba usivipe nafasi stoo, havifungi kabisa. Tuliviuza wiki hiyo hiyo. Vingine vikaingia kwa neti, si magunia ya sandarusi, na neti zikakaa juu ya mbao.

Kitunguu saumu kina subira zaidi. Usikioshe, pangusa udongo tu. Kifunge na majani yake, mafungu ya kumi kumi, ukining'inize kivulini kwa wiki tatu au nne. Kata kimoja ujaribu: kikonyo cha katikati kikiwa bado na unyevu, ngoja. Na tafadhali usikiweke kwa friji, baridi ile hukiamsha kichipue.

Kila Jumapili mimi hupitia neti nikitoa chochote kilicholainika, maana kimoja huambukiza jirani. Huu ni mwezi wa nne. Juzi nimetoa vitano, viwili vikiwa vimechipua tu, na hivyo tukavipika jioni hiyo.