Kuisifu Asali Bila Kutia Chumvi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani walikuwa wakifikiria soko la zamani, ambako mnunuzi alichovya kidole, akaonja, ndipo akatoa fedha. Siku hizi asali imo ndani ya chupa iliyozibwa, juu ya rafu ya duka, na hakuna anayeruhusiwa kuionja. Kinachozungumza na mnunuzi ni kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni mwa chupa. Juma hili nataka tuyatazame maneno ya karatasi hiyo, na namna yanavyoweza kumvuta mnunuzi bila kumdanganya wala kutia chumvi.

Nitatumia mfano mmoja tu, kwa kuwa nilishughulika nao mwenyewe. Dada mmoja anayeuza asali hapa Dar es Salaam, akiletewa mzigo na kikundi cha kwao wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora, aliniletea lebo yake niipitie. Mauzo yalikuwa yamedorora, naye alitaka maneno yenye nguvu zaidi. Lebo ilisema hivi: “Asali safi asilimia 100. Bora kuliko zote. Haina kemikali. Inatibu vidonda vya tumbo, kisukari na shinikizo la damu. Gramu 500.”

Nikamwuliza kuhusu hilo la kisukari. Akaniambia, “Kaka, wenzangu wote wameandika hivyo.” Kisha, bila mimi kumchokoa, akanisimulia kwamba mzee mmoja alinunua chupa mbili, akauliza kama sasa anaweza kuacha vidonge vyake vya kisukari. Dada yule alimshauri akamwone daktari kwanza. Alifanya vyema, lakini lebo yake ilikuwa imekwisha kumjibu mzee yule kabla yeye hajafungua kinywa. Kama asilimia 80 ya asali ni sukari. Mgonjwa wa kisukari akiifanya dawa na kuacha vidonge, kinachofuata si hasara ya bei ya chupa moja. Tume ya Kodeksi, ambayo ni chombo cha FAO na WHO cha kuweka viwango vya vyakula, ilitoa mwongozo tangu mwaka 1979 unaokataza kwa jumla chakula kunadiwa kuwa kinazuia au kutibu maradhi. Tukapiga mstari juu ya magonjwa yote matatu.

“Bora kuliko zote” nayo ilikwenda. Bora kuliko ya nani, na nani aliyezionja zote? Mnunuzi wa mjini ameyaona maneno hayo kwenye sabuni, kwenye dawa ya meno na kwenye betri, na jicho lake sasa linayaruka kama linavyoruka matangazo ya jana ukutani. “Haina kemikali” lina ubaya wa namna nyingine. Linadokeza kwamba chupa ya jirani inazo, wakati hakuna aliyepima ya jirani wala ya kwake. Hii ni hila ambayo hata watu waaminifu huitumia bila kujua. Ukiandika kwamba asali yako haina mafuta utakuwa umesema kweli, lakini asali ya kila mtu haina mafuta, na wewe umejipamba kwa sifa ya ukoo mzima.

Ilipofika hapo, dada akaitazama karatasi, akacheka. “Sasa umenifilisi, kaka. Imebaki asali na gramu 500.”

Wengi hukwama hapo, wakaamua kwamba ukweli hauuzi. Mimi naona kilichotokea ni kwamba maneno makubwa yalikuwa yamekalia nafasi ya habari. Nikatoa daftari nikamwuliza maswali yale yale ambayo mwandishi wa habari humwuliza shahidi: nani, wapi, lini, kwa njia gani, kiasi gani. Kila jibu nikalifuatia na swali la pili: umejuaje?

Asali inatoka wapi? Sikonge, katika misitu ya miombo. Amejuaje? Kila ndoo huja na jina la mrina na la kijiji, naye huyaandika kitabuni. Hilo ni jambo la kuandikwa, kwa kuwa mnunuzi mwenye mashaka anaweza kuonyeshwa kitabu. Ilirinwa lini? Mwezi Juni. Nani aliirina? Hapo alitaka tuandike kwamba imerinwa na akina mama, kwani watu wa mjini hupenda kusikia hivyo. Nikauliza tena. Kumbe wanaopanda mitini ni wanaume, na akina mama 14 wa kikundi ndio wanaochuja na kufungasha. Basi tuandike hivyo hivyo: imechujwa na kufungashwa na akina mama 14. Ukiniuliza mimi, sentensi ya kweli ina uzito kuliko ile aliyoitaka, kwa sababu idadi inamfanya msomaji aone watu wakiwa kazini.

Je, tuandike kwamba haijapata moto? Nilidhani jibu lingekuwa rahisi. Akaeleza kwamba asali ikiwa nzito, ndoo huachwa juani mpaka ilegee, ndipo ichujwe kwa kitambaa. Jua si jiko, lakini ndoo ya plastiki iliyoshinda juani Tabora hupata joto la kutosha, na hakuna aliyeipima kwa kipimajoto. Kwa hiyo hatukuandika kwamba haijapashwa moto. Tuliandika kile kinachofanyika: hulegezwa kwa jua, huchujwa kwa kitambaa. Msomaji anaelewa mwenyewe kwamba haikuchemshwa jikoni.

“Safi asilimia 100” lilitusumbua zaidi. Hakuwa na cheti cha maabara. Kuna watu watakaokwambia uchovye njiti ya kibiriti katika asali, ikiwaka ni halisi, au udondoshe tone katika glasi ya maji ulitazame linavyozama. Majaribio hayo hayatoshi kuthibitisha lolote, kwani sharubati nzito ya sukari nayo huzama. Dada angeweza kusema kwa uhakika juu ya mikono yake na ya kikundi anachokijua: hatuongezi sukari wala maji. Hiyo ni ahadi yenye mwenyewe, anayeweza kushikwa kwayo. Asilimia 100 haina mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye gramu 500, na hapo ndipo nilipofurahi kuliko kwingine. Chupa yake ilikuwa ya nusu lita. Nusu lita ya maji ina gramu 500, na yeye aliandika hivyo hivyo kwa kufuata mazoea. Lakini asali ni nzito kuliko maji, kama mara 1.4, kwa hiyo nusu lita ya asali hukaribia gramu 700. Tukaenda kwenye mizani ya duka la nafaka. Chupa tupu pamoja na kifuniko ilikuwa gramu 40. Chupa iliyojazwa, ikiachwa nafasi kidogo shingoni, gramu 725. Maana yake asali yenyewe ni gramu 685. Tukapima chupa 10, tukaona nyepesi kuliko zote ina gramu 680, tukaandika 680 ili asipunjwe yeyote. Mwaka mzima dada huyu alikuwa akijipunja kwenye karatasi! Mnunuzi aliyelinganisha chupa yake na nyingine ya gramu 500 aliona bei yake ni kubwa kwa kiasi kile kile, kumbe anapewa gramu 180 za ziada. Hakuna sifa yoyote katika lebo ya zamani iliyokuwa na nguvu kama namba hiyo, na ilikuwa imefichwa na mwenye mali mwenyewe.

Baada ya kukusanya ya kweli, kazi iliyobaki ni kuyapanga, na hapa hufuatwa hofu ya mnunuzi. Mnunuzi wa asali mjini huogopa mawili. Kwanza, kwamba amechanganyiwa sukari. Kwa hiyo mahali, mwezi na watu viende juu, pamoja na ile ahadi. Pili, anaogopa akiona asali imeganda chini ya chupa, kwani wengi huamini kuganda ni dalili ya sukari iliyotiwa. Asali huganda yenyewe, kwa kuwa glukosi iliyomo hujitenga na kufanya chembechembe. Dada akataka tuandike kwamba kuganda ni uthibitisho wa uhalisi. Nikakataa, maana asali iliyochanganywa nayo yaweza kuganda. Tukaeleza jambo lenyewe na dawa yake, basi.

Nikaongeza sentensi moja ambayo hakuipenda mara ya kwanza: asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Asali, hata iliyo njema kabisa, huweza kubeba mbegu za kijidudu kinachosababisha sumu ya botulini, na tumbo la mtoto mchanga halijaweza kukizuia. Aliona tunafukuza wateja. Lakini mama anayesoma onyo hilo anajua kwamba aliyeandika chupa hii yuko tayari kukosa fedha kwa ajili ya mwanawe, na mistari mingine ataisoma kwa jicho jingine. Hata kama asingeuziwa mtu kwa sababu yake, lingebaki pale pale.

Lebo mpya ikawa hivi: “Asali ya misitu ya miombo, Sikonge, Tabora. Imerinwa Juni. Imelegezwa kwa jua, ikachujwa kwa kitambaa na kufungashwa na akina mama 14 wa kikundi chetu. Hatuongezi sukari wala maji. Rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Ikiganda, simamisha chupa katika maji ya uvuguvugu, italegea. Asipewe mtoto chini ya mwaka 1. Uzito wa asali: gramu 680.”

Ile ya rangi aliitunga yeye, nami nikamvulia kofia. Nilikuwa nimeandika “rangi ya kupendeza”, neno ambalo halimwonyeshi mtu kitu.

Lebo hii ina taabu moja ambayo ile ya zamani haikuwa nayo. Asali iliyo bora kuliko zote huwa bora mwaka mzima, lakini asali ya Juni kutoka Sikonge huisha. Ndoo zikija za mwezi mwingine, karatasi ibadilishwe. Akinunua ndoo mbili za wilaya nyingine kujazia mzigo, haziwezi kuingia katika chupa hii, labda aziandikie lebo yao. Wanachama wakiongezeka au kupungua, ile 14 ifutwe. Nilimshauri asichapishe karatasi 5,000 kwa pamoja ingawa mpiga chapa angempunguzia bei, bali achapishe za kutosha mzigo mmoja, na sehemu ya mwezi aiache wazi aijaze kwa kalamu ya wino usiofutika.