Je, Wajua? Picha Moja, Milango Miwili ya Kupatikana

Je, wajua kwamba utafutaji wa picha wa Google ulichochewa na gauni? Mwaka 2000 Jennifer Lopez alitinga kwenye tuzo za Grammy na gauni la kijani la Versace, dunia nzima ikataka kuliona, na Google wakati ule ilikuwa ikirudisha orodha za viungo tu. Mwaka uliofuata, Google Images ikafunguliwa. Lakini mpaka leo, ili picha ipatikane huko, maneno yaliyoizunguka bado ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa. Na hapo ndipo wachora infografiki wengi wanapokwama: kazi inapendeza, ukurasa umenyamaza.

Tuchukue kazi moja tuifuate: kalenda ya mvua Tanzania. Mchoraji amegawa nchi sehemu mbili. Upande mmoja ni mikoa yenye misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Upande wa pili ni mikoa kama Dodoma, Tabora na Mtwara, yenye msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili. Mchoro una ramani, rangi na majina ya mikoa yote. Kilichobaki ni kuuweka kwenye tovuti.

Je, wajua kwamba neno “infografiki” likitangulia kwenye kichwa cha ukurasa linakula nafasi bure? Mtu anayetaka kupanda mahindi haandiki “infografiki ya mvua”. Anaandika “masika yanaanza lini”. Kwa hiyo “Infografiki: Hali ya Mvua” ni kichwa cha mchoraji, na “Masika na vuli huanza lini? Kalenda ya mvua kwa mikoa ya Tanzania” ni kichwa cha msomaji. Maneno ya maana yatangulie, kwa sababu kichwa kirefu hukatwa mwishoni kwenye matokeo. Kumbuka pia kwamba kichwa hichohicho huweza kuonekana chini ya picha mtu anapotafuta picha, kwa hiyo kinaita wageni kwenye milango yote miwili, wa utafutaji wa kawaida na wa utafutaji wa picha. Ukikiacha kiwe “Mwanzo” au jina la tovuti tu, Google inaweza kujichagulia kingine kutoka kwenye kichwa kikubwa kilichomo ndani ya ukurasa, na huna uhakika itachagua kipi.

Je, wajua kwamba Google yenyewe inashauri maandishi muhimu yasifungiwe ndani ya picha? Ni kweli kwamba kompyuta za leo zinaweza kusoma herufi zilizochorwa. Ila kusoma si sawa na kuyahesabu maneno hayo kama maandishi ya ukurasa, na mimi nisingeweka dau langu hapo. Zaidi ya hilo, kikalimani cha kivinjari hakigusi maneno yaliyo ndani ya picha, na asiyeona mara nyingi hayasikii kwenye kisomaji chake.

Jaribio lake ni la sekunde chache. Fungua ukurasa, bonyeza Ctrl+F, andika “Kagera”. Kama jina hilo limo kwenye mchoro peke yake, kivinjari kitakuambia hakuna kitu. Mkulima wa Muleba anayetafuta “mvua za vuli Kagera” naye ana nafasi ndogo sana ya kukufikia, ingawa jibu lake umelichora kwa rangi ya bluu iliyokolea. Dawa ni kuweka chini ya picha jedwali la kawaida la maandishi: mkoa, msimu, miezi. Aya moja au mbili zieleze kwa nini Morogoro inagawanyika, kaskazini ikiwa na misimu miwili na kusini mmoja. Jedwali hilo ndilo linalouwezesha ukurasa kupatikana hata kwa mtu ambaye hakuwa akitafuta picha.

Maandishi yatakayobaki ndani ya mchoro yawe machache na makubwa. Hesabu yake ni nyepesi: mchoro wenye upana wa pikseli 1080 ukionyeshwa kwenye skrini ya simu yenye upana wa 360, kila kitu kinabaki theluthi moja. Herufi ya pikseli 30 inakuwa 10, yaani ya kukunja uso. Ukitaka isomeke kama maandishi ya kawaida ya 16, ichore kwa 48. Hapo majina ya mikoa yote hayatatosha, na ni vizuri yasitoshe, kwa kuwa jedwali linayo.

Je, wajua kwamba maelezo ya chini ya picha na maandishi mbadala si kitu kimoja? Watu hunakili sentensi moja wakaibandika kote kuwili. Maandishi mbadala humwambia asiyeiona picha kuna nini ndani yake. Maelezo ya chini humwambia anayeiona aondoke na nini. Kwa kalenda yetu ingekuwa hivi:

```html
<figure>
  <img src="/picha/kalenda-mvua-tanzania.png"
       width="1080" height="2400"
       alt="Ramani ya Tanzania ikionyesha mikoa ya
       vuli na masika, na mikoa ya msimu mmoja">
  <figcaption>Tanga na Arusha hupata vuli, kisha
  masika. Dodoma na Mtwara hungoja msimu mmoja,
  Novemba hadi Aprili.</figcaption>
</figure>
```

Jina la faili nalo linasomeka, tofauti na `IMG_0042.png`, japo mchango wake ni mdogo. Kosa baya zaidi ni kujaza `alt` kwa “mvua, mvua Tanzania, mvua masika, mvua leo”. Google inaweza kulihesabu kuwa taka, na kisomaji cha skrini kitamsomea mtu upuuzi huo neno kwa neno.

Je, wajua kwamba picha iliyowekwa kwa CSS kama mandharinyuma ya ukurasa haiingizwi kwenye Google Images? Jicho halioni tofauti. Angalia msimbo wa ukurasa: usipokuta `<img`, picha yako kwao haipo.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi WordPress ilikuwa ikiipa kila picha iliyopakiwa ukurasa wake mdogo, usio na chochote zaidi ya picha yenyewe? Toleo la 6.4 la Novemba 2023 lilizizima kurasa hizo kwa tovuti mpya, si kwa zile za zamani. Kwenye tovuti kongwe, mgeni anaweza kuletwa kwenye ukurasa huo mtupu badala ya ule wenye jedwali. Zielekeze kurasa hizo kwenye makala husika.

Je, wajua kwamba Search Console hutenganisha matokeo ya Web na ya Image? Fungua ripoti ya utendaji ubadilishe aina ya utafutaji. Ukurasa ukionekana upande wa Web huku upande wa Image ukiwa mweupe, rudi kwenye msimbo utafute `<img`. Picha ikionekana sana lakini haibonyezwi, mara nyingi ama kichwa hakiahidi chochote zaidi ya kinachoonekana, ama mchoro umemaliza kila kitu na mtu hana sababu ya kuingia ndani.

Na kama kalenda huchorwa upya kila msimu, usiweke mwaka kwenye jina la faili. Jina jipya ni anwani mpya, na kwa Google hiyo ni picha ngeni inayoanza kutambuliwa upya wakati mvua zimeshaanza kunyesha.