Mpambe akiwa mbali: namna ya kutuma neno la arusi kwa video

Arusi nyingi za Masisi na Walikale siku hizi zinafanyika bila rafiki wa karibu wa bwana arusi. Yeye iko Kampala, Nairobi ao mbali zaidi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, na barabara si kila siku inapitika. Basi yule aliyepaswa kusimama kando ya bwana arusi kama mpambe anatuma neno lake kwa video, na watu wanaliangalia katika sali ya fete ao chini ya hema.

Neno la mpambe si hotuba ya mzazi. Wazazi wanatoa mashauri, pasta ao padri anabariki. Mpambe kazi yake ni kusema huyu mwanaume ni mtu gani, kwa mdomo wa mtu aliyekula naye sahani moja. Ndiyo maana anaruhusiwa kumtania. Lakini utani mzuri unaanza na kosa dogo ambalo kila mtu analijua, kisha unageuka kuwa sifa. Tuchukue mfano: bwana arusi ni wa Masisi, bibi arusi ni wa Walikale, mpambe iko Kampala.

“Wazazi wetu, ndugu na marafiki, jambo kwenu. Miye ndiye ningesimama hapo kando yake leo. Bwana arusi tulisoma naye, na neno lake kubwa mnalijua: ‘Niko njiani.’ Ukimwita saa mbili, anasema niko njiani, kumbe angali anatafuta viatu. Leo nimeuliza kama amefika kwanza. Wakaniambia amefika. Nikajua huyu bibi arusi ana nguvu! Lakini usiku mama yangu alipougua, huyu hakusema niko njiani. Tulisikia tu mtu anapiga hodi, amelowa mvua, yuko tayari kusaidia kumbeba. Shemeji, akichelewa kwa chakula, ongeza maji kwenye sombe. Siku ya shida atafika mbele ya wote. Na ninyi wazazi wa Walikale, kijana wetu amekulia kwenye maziwa na fromaji. Mumfundishe mawese polepole. Inueni vinywaji vyenu, tuwatakie nyumba yenye amani.”

Angalieni: hadithi ni moja tu. Bwana arusi anachekwa kwa kuchelewa, kisha kuchelewa kule kule kunaonyesha moyo wake. Bibi arusi hachekwi, anapewa heshima. Wakwe wanaguswa kidogo, na kwa chakula tu.

Mipaka iko, na kwetu ni mikali. Usitaje mchumba wa zamani. Usitaje mahari iliyobaki, hata kwa mchezo, juu wakwe wamekaa hapo na hesabu yao kichwani. Usicheke kabila, lafudhi ao sura ya mtu. Na usiseme nani alikimbia wapi ao alikuwa upande gani wakati wa vita. Video haibaki kwenye sali: jioni ile ile inaingia katika telefone za watu usiowajua. Ukitaka kupima, msomee mtu mmoja wa upande wa bibi arusi kabla ya kurekodi. Akinyamaza fasi ulitazamia acheke, toa sentensi hiyo.

Sasa kurekodi. Dakika mbili zinatosha, ni kama maneno mia mbili. Laza telefone, uiegemeze kwenye kitu, wewe ukae karibu, mkono mmoja tu kati yenu, juu maikrofoni iko ndani ya telefone. Mwanga wa dirisha uwe mbele yako, si mgongoni. Funga mlango, zima feni. Kwenye arusi watu wanaweza kuvumilia picha mbaya, lakini sauti isiyosikika inaua neno lote.

Kupiga simu ya video moja kwa moja wakati wa fete ni hatari: rezo ikikatika, watu wanabaki kuangalia uso uliosimama. Tuma video siku tatu mbele. Dakika moja ya picha kali ya 1080p inaweza kupita MB 60, na fasi rezo ni dhaifu haitashuka. Ukituma kama video ya kawaida kwa WhatsApp, inapunguzwa uzito yenyewe, na kwa arusi hiyo inatosha. Tuma pia maneno yale yale kama ujumbe wa sauti, ambao ni mwepesi sana.

Anayepokea aishushe fasi rezo iko nzuri, aiweke katika telefone mbili ao katika fleshi, kisha aijaribu kwenye bafle yenyewe kabla wageni hawajafika. Akimbia sauti ikiwa ndogo, kuna muda wa kumwandikia mpambe arudie. Na kama umeme ao projektere inakataa, ujumbe wa sauti unapigwa mbele ya maikrofoni. Watu watacheka fasi zile zile.