Amana ya Nyumba: Kilichochakaa na Kilichoharibiwa

"Habari Mama Brian. Fundi amekagua nyumba. Rangi 14,000, kabati la jikoni 6,000, mfereji 900, mashimo ya TV 800, kioo 700. Jumla 22,400. Dipoziti yako ni 22,000, kwa hivyo hatudaiani. Hizo 400 nimekusamehe."

Mama Brian nimemtunga, na bei hizi ni za mfano tu, lakini wapangaji wengi wa Nairobi wataujua ujumbe huu. Tuseme alikaa miaka mitatu katika nyumba ya vyumba viwili, kodi ikiwa shilingi 22,000 kwa mwezi, na siku ya kuingia akaweka kodi ya mwezi mmoja kama amana. Sasa amehama, amerudisha funguo, na amana yote imeyeyuka.

Jumla imepigwa sawasawa. Shida ni kwamba mwenye nyumba ameorodhesha kila kitu ambacho fundi atatengeneza kabla mpangaji mwingine hajaingia, kisha akamtumia bili yule anayetoka. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini kinamwondolea mzigo wa kutengeneza kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida. Nyumba huchakaa kwa kukaliwa, na kukaliwa huko ndiko kulikolipiwa kodi kila mwezi.

Tuanze na rangi, maana ndiyo inayomeza amana nyingi. Rangi ya ukutani hufifia kwa jua, hushika weusi karibu na swichi, na huchubuka pale kiti kinapogusa ukuta. Hayo yote ni uchakavu. Wenye nyumba wengi hupaka upya kila mpangaji anapotoka, na ni desturi nzuri ya biashara, lakini gharama yake ni ya biashara hiyo. Kwa Mama Brian kuna ukuta mmoja tu wenye hadithi tofauti: ule wa sebuleni ambao mtoto aliuchora kwa kalamu ya wino hadi ukaharibika. Huo ni uharibifu, na ni haki aulipie. Swali ni kiasi gani.

Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme kuupaka ukuta huo peke yake ni shilingi 2,400, vifaa na fundi. Ikiwa rangi ya nyumba ya kupangisha hutarajiwa kudumu miaka minne, na hii ilikuwa imeshakaa mitatu, basi mtoto aliharibu mwaka mmoja wa rangi uliokuwa umebaki. Robo ya 2,400 ni 600. Mwenye nyumba akidai 2,400 zote, atakuwa amepata rangi mpya badala ya rangi kuukuu, na tofauti ameilipa mpangaji. Hiyo miaka minne haikuandikwa popote katika sheria. Ni makadirio ambayo pande mbili zinaweza kubishania, ila ni lazima kuwe na makadirio fulani.

Kabati la jikoni nalo hupimwa kwa njia ileile. Mama Brian aliweka sufuria ya moto juu yake, na alama nyeusi ya duara ikabaki. Kubadilisha uso wa kabati ni 6,000. Kama uso huo ungedumu miaka kumi na ulikuwa na miaka mitano, anadaiwa nusu, yaani 3,000.

Si kila kitu hupunguzwa hivyo. Kioo cha dirisha hakichakai. Kilichovunjika leo kingeweza kukaa miaka mingine ishirini. Kwa hivyo 700 za kioo analipa zote. Vivyo hivyo mashimo manne makubwa ya breketi ya runinga: plasta haikuwa inakaribia mwisho wake, na kuziba mashimo ni kazi ya fundi isiyo na sehemu kuukuu ya kutoa. Analipa 800. Tundu dogo la msumari wa pazia au picha ningeliweka upande wa matumizi ya kawaida.

Mfereji unaovuja ni wa mwenye nyumba. Mara nyingi kinachokwisha ni mpira mdogo wa ndani, na mpira huo hulika kwa kufungua na kufunga kila siku.

Kuna dai jingine ambalo halimo katika ujumbe huu, ila huzua ugomvi mkali: madoa kwenye dari ya bafu. Yaangalieni kwa makini kabla ya kulaumiana. Doa la kahawia lenye ukingo unaoonekana wazi, linalotanuka kila maji yanapotumika ghorofa ya juu, kwa kawaida ni bomba linalovuja, na hilo mpangaji hana mkono wake. Vidoa vyeusi vilivyotapakaa kwenye pembe, hasa bafuni ambako dirisha halifunguliwi, kwa kawaida hutokana na mvuke. Hata hapo, ikiwa dirisha lenyewe halifunguki, wa kuulizwa ni mwenye nyumba.

Tukipiga hesabu upya, 600 na 3,000 na 700 na 800 ni 5,100. Mama Brian anarudishiwa shilingi 16,900. Ujumbe wa haki ungesomeka hivi:

"Habari Mama Brian. Tulikagua nyumba pamoja Jumamosi. Nimekata hivi. Ukuta wa sebuleni uliochorwa: kupaka ni 2,400, rangi ilikuwa ya miaka mitatu kati ya minne, kwa hivyo 600. Uso wa kabati ulioungua: 6,000, ulikuwa nusu ya umri wake, kwa hivyo 3,000. Kioo cha chumba cha kulala, 700. Mashimo ya breketi, 800. Jumla 5,100. Rangi ya kuta nyingine na mfereji ni juu yangu. Nimeambatisha picha za ulipoingia na za sasa, pamoja na risiti. Salio 16,900 nitakutumia leo jioni. Kama kuna usipokubali, niambie."

Ujumbe huu ni mrefu, lakini kila shilingi ina sababu na ushahidi. Ushahidi huo hutengenezwa siku ya kuingia. Mpangaji apige picha za kila ukuta, kila kioo, sinki na dari kabla hajaingiza godoro, kisha amtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu za wote wawili. Pasipo picha za mwanzo, hakuna anayeweza kuonyesha alama ya sufuria ilikuja na nani.

Kizuizi kimoja kikubwa kipo. Mikataba mingi ya Nairobi ina kifungu kinachosema mpangaji atapaka nyumba rangi anapotoka. Aliyetia sahihi kifungu hicho atapata taabu kusema kwamba rangi ilichakaa tu. Wakati wa kukipinga ni kabla ya sahihi. Ikiwa kimeshapita, mpangaji anaweza kuomba alete fundi wake mwenyewe, maana bei ya fundi wa mwenye nyumba haimfungi mtu ambaye hakuulizwa.

Mazungumzo yakishindikana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Fedha iliyo mikononi mwa mtu mwingine na ambayo ni yako ni miongoni mwa madai inayoyapokea. Mbele ya hakimu huyo Mama Brian angepeleka vitu vitatu: mkataba, risiti ya amana, na ule ujumbe wa 22,400 usio na picha hata moja.