Kipimo cha Darasa Hakijui Maana

Mhariri akiweka mbele yake makala mbili, moja ya mwandishi na nyingine ya akili mnemba, kompyuta humpa namba: hii ya darasa la 8, ile ya darasa la 12. Ni rahisi kudhani kwamba ya kwanza inaeleweka zaidi. Tazama kwanza namba hiyo inavyopatikana.

Kipimo cha Flesch-Kincaid kilitengenezwa mwaka 1975 kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kanuni yake ni hii:

```
0.39 × (maneno ÷ sentensi) + 11.8 × (silabi ÷ maneno) − 15.59
```

Kinachohesabiwa ni urefu tu. Kwa Kiingereza, akili mnemba isipopewa maelekezo mara nyingi hupenda nomino ndefu za kidhahania, na silabi zake hupandisha darasa. Sentensi zake nazo huelekea kulingana urefu, ilhali binadamu huchanganya fupi na ndefu. Tofauti hiyo kipimo hakiioni: sentensi mbili za maneno 15 kila moja, na mbili za maneno 3 na 27, zina wastani uleule.

Hatari huja mashine inapoambiwa ishushe darasa. Chukua agizo hili la dawa: "Meza kidonge hiki baada ya kula kwa sababu dawa huumiza tumbo tupu." Ni maneno 12 na silabi 27, hivyo hupata 15.6. Sasa likatwe: "Meza kidonge hiki. Kula kitu. Dawa huumiza tumbo." Hapa ni maneno 8, silabi 19, sentensi 3. Alama inashuka hadi 13.5, kana kwamba limerahisishwa. Lakini "baada ya" na "kwa sababu" zimetoweka. Mgonjwa anayefuata maneno kama yalivyopangwa atameza kwanza ndipo ale, na hajui tena kwamba tatizo ni tumbo tupu.

Tena, agizo la kwanza husomwa na mtoto wa shule ya msingi. Mbona limepewa darasa la 15? Kwa sababu vizidishi vile vilipatikana kwa Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja. Kiswahili hufunga mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja: "hawakutusaidia" lina silabi 8, na hakuna asiyelielewa.

Kwa hiyo alama ya juu au ya chini haithibitishi kwamba maandishi ni ya mashine, wala kwamba yanaeleweka. Inaweza kukuonyesha sentensi iliyorefuka ili uiangalie upya, basi. Ukitaka kujua kama agizo limeeleweka, mpe msomaji karatasi alisome, kisha umuulize: kidonge hiki utakimeza lini, na kwa nini?