Avuliwe Miwani, Vibadilike Vidole

Programu ya akili mnemba inapoombwa kubadili kitu kimoja kwenye picha ya mtu, kwa kawaida huichora picha yote upya, kuanzia pembe hadi pembe. Fundi wa studio anayefuta doa shavuni kwa Photoshop hugusa pikseli za shavu tu, na nyingine zote hubaki kama kamera ilivyozipiga. Modeli ya kuchora picha haifanyi kazi hivyo. Hupokea picha ya zamani kama kielelezo, hupokea maneno ya agizo, kisha hutoa picha mpya. Mkono ukitoka kama ulivyokuwa, ni kwa sababu modeli imefaulu kuuiga.

Chukua picha ya mraba yenye pikseli 512 kwa 512. Mama wa makamo ameketi kitini, amevaa miwani, amejitanda kanga inayoonyesha jina lake pindoni, viganja vimelaliana mapajani, na nyuma yake pana mlango wa mbao wenye nakshi na vifundo vya shaba. Agizo ni fupi: avuliwe miwani. Picha inayorudi haina miwani. Ila kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimeungana na jirani yake, jina la kanga limekuwa michirizi inayofanana na herufi lakini haisomeki, vifundo vya mlango vimepungua, na mama mwenyewe anaonekana kijana kwa miaka kumi. Makosa hayo hayakuzaliwa na kitu kimoja.

Vidole na maandishi huharibika mapema, kabla hata agizo halijaanza kutekelezwa. Stable Diffusion, modeli iliyotolewa kwa umma Agosti 2022 na ambayo vihariri vingi vimejengwa juu yake, haichori kwenye pikseli. Kwanza huifinya picha iwe muhtasari wa namba, hufanya kazi yake yote ndani ya muhtasari huo, kisha huufungua uwe picha tena. Picha ya 512 kwa 512, yenye namba tatu za rangi kwa kila pikseli, ina namba 786,432. Muhtasari wake una vyumba 64 kwa 64, kila chumba kikiwa na namba nne, jumla 16,384. Yaani kila namba 48 zimebanwa zikawa moja, na kila chumba kinabeba habari za kipande cha pikseli 8 kwa 8.

Kwa ukuta mweupe, namba nne kwa chumba ni nyingi kupita kiasi. Kwa mkono ni balaa. Katika picha ya mama yule, kiganja kizima kina upana wa pikseli kama 50, na kila kidole kama 9. Kidole kimoja kinaingia kwenye upana wa chumba kimoja na kitu, na ndani ya chumba hicho namba nne zinatakiwa zieleze ukingo wa kidole, kivuli kati yake na cha pili, ukucha na rangi ya ngozi. Herufi za kanga zenye kimo cha pikseli 6 hazijazi hata chumba kimoja. Muhtasari unapofunguliwa, modeli inajua kwamba pale palikuwa na vidole na hapa palikuwa na maandishi. Umbo kamili inalibuni. Ndiyo maana picha ikifinywa na kufunguliwa bila agizo lolote, maandishi madogo na nyuso za watu walio mbali bado hutoka zimepotoka kidogo. Stable Diffusion 3 ya mwaka 2024 iliongeza namba za kila chumba kutoka nne hadi 16, na ubanaji ukashuka hadi namba 12 kwa moja. Maandishi na vidole vilinufaika, lakini hasara haikwisha.

Baada ya kufinya, inakuja hatua ya chenga, zile zile zilizokuwa zikijaa kwenye televisheni antena ikikosa mawimbi. Modeli za aina hii zimefundishwa kazi moja: kupewa picha iliyojaa chenga na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi picha itokee. Ili kuihariri picha ya mama, njia iliyoelezwa na watafiti wa mbinu ya SDEdit mwaka 2021 ni kuimwagia chenga za kutosha kuficha kilichopo, lakini zisiwe nyingi kiasi cha kulifuta umbo la jumla. Kisha modeli huanza kusafisha huku ikisoma agizo. Kiasi cha chenga huwekwa kwa namba kati ya 0 na 1, ambayo kwenye programu nyingi huandikwa `strength`.

Kazi ikiwa imepangiwa hatua 50 na `strength` ikawa 0.3, modeli hupita hatua 15 za mwisho tu. Chenga ni chache, vidole vinaonekana chini yake, lakini na miwani inaonekana pia, hivyo modeli huirudisha ilipokuwa, pengine ikiwa na fremu nyembamba zaidi. Ikipandishwa hadi 0.8, hatua ni 40, na miwani inafutika vizuri. Tatizo ni kwamba chenga zilimwagwa karatasi nzima. Hazijui miwani iko wapi. Vifundo vya mlango vilivyofunikwa nazo vinachorwa upya kwa kubahatisha: modeli inaona dalili ya mlango wenye nakshi na inachora mlango wenye nakshi, wa aina hiyo, si ule. Hakuna namba katikati inayoondoa miwani na kulinda kila kifundo, kwa kuwa namba ni moja na inatawala picha yote.

Maneno ya agizo nayo hayatui sehemu moja. Ndani ya modeli, kila chumba cha muhtasari hupima kinahusiana kiasi gani na kila neno, na pia na vyumba vingine vyote. Neno miwani huwa zito zaidi karibu na macho, lakini uzito wake kwenye mkono si sifuri, na vyumba vya macho vikibadilika, vyumba vinavyovitazama husogea pia. Mwaka 2022 watafiti wa Google waliotoa mbinu ya Prompt-to-Prompt walionyesha kwamba hata modeli ikianza na chenga zile zile, kubadili neno moja la maelezo kunaweza kuleta picha yenye mpangilio tofauti kabisa. Dawa yao ilikuwa kuzihifadhi ramani za uzito za picha ya kwanza na kuzilazimisha kwenye ya pili.

Mbinu hiyo ndiyo iliyotumika kuandaa mazoezi ya InstructPix2Pix, kihariri kilichotolewa mwishoni mwa mwaka huo huo na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Bakli. Kilikuwa kati ya vya kwanza kufuata maagizo ya kawaida kama vile mvue miwani. Kilifundishwa kwa zaidi ya mifano 450,000, kila mfano ukiwa na picha ya kabla, agizo, na picha ya baada. Hakuna aliyepiga picha hizo kwa kamera. Modeli ya lugha ilitunga maagizo, na Stable Diffusion ikachora jozi za picha. Jozi zilichujwa kwa mashine, lakini nyingi bado zilikuwa na mabadiliko ambayo agizo halikuyataja: kiti kimesogea, mawingu yamehama. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa mifano hiyo alijifunza kuwa kubadili kitu kimoja huendana na kutikisika kidogo kwa vingine. Watengenezaji walimpa mtumiaji vidhibiti viwili, `Text CFG` cha kulisikiliza agizo na `Image CFG` cha kuishikilia picha ya zamani, ambavyo kwa kawaida huanzia 7.5 na 1.5. Kuvuta kimoja ni kulegeza kingine, na anayevitumia hujikuta akivichezesha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio usiku.

Ile miaka kumi iliyompungua mama ina asili nyingine. Katika mamilioni ya picha ambazo modeli husomea, wazee huvaa miwani kuliko vijana. Modeli haikuambiwa kwamba umri na miwani ni vitu viwili. Iliviona pamoja mara nyingi, ikavihifadhi vikiwa vimeshikana. Watafiti wa mbinu ya InterFaceGAN walilionyesha jambo hili waziwazi mwaka 2020, kwa modeli za kizazi kilichotangulia: walipoisukuma sura upande wa uzee, miwani ilitokea yenyewe. Kuivua kunavuta kamba ile ile upande wa pili. Kasoro hii ni mbaya kuliko ya vidole, kwa kuwa kidole kilichoungana huonekana na kila mtu, ilhali mikunjo iliyotoweka kimyakimya huitambua watoto wa mama huyo tu.

Kinga iliyo imara zaidi ni kuchagua eneo kwa brashi: mtumiaji hupaka juu ya miwani, na programu huchora ndani ya rangi hiyo pekee. Hapa pia pana mtego. Eneo lililopakwa hupunguzwa hadi vyumba 64 kwa 64, kwa hiyo mpaka wake hufuata vipande vya pikseli nane na unaweza kula nyusi. Tena, programu ikiufungua muhtasari wote mwishoni, mkono usioguswa na brashi bado umepitia kufinywa na kufunguliwa. Programu makini hurudisha pikseli halisi za picha ya zamani juu ya kila sehemu isiyopakwa. Isipofanya hivyo, fundi anaweza kufanya mwenyewe: kuweka picha mpya juu ya ya zamani kama matabaka mawili, kisha kuacha ya juu ionekane machoni tu.

Kujua programu imefanya lipi kati ya hayo hakuhitaji macho makali. Picha mbili za ukubwa sawa hutolewa moja kutoka kwa nyingine. Palipo sawa panakuwa peusi, palipobadilika panang'aa. Kwenye GIMP na Photoshop tabaka la juu huwekwa `Difference`. Mwenye ImageMagick anaandika:

```
magick kabla.png baada.png -compose difference -composite -auto-level tofauti.png
```

Picha zihifadhiwe kwa PNG, kwani JPEG huacha punje za tofauti kila mahali hata pasipohaririwa. Na `-auto-level` hukuza hitilafu ndogo ionekane kubwa, basi mng'ao hafifu uliosambaa sawasawa unaweza kuwa alama ya kufinya tu. Vidole vikionekana kama umbo lenye kingo kali, vimechorwa upya.

Kwa picha ya mama, hata kazi safi kabisa haitatoa weusi mtupu nje ya miwani. Fremu ilikuwa imeangusha kivuli chembamba shavuni, na vioo vilikuwa vimeyakuza macho kidogo. Mhariri anayeivua miwani na kukiacha kivuli ametii mpaka wa brashi, na picha imekuwa ya uongo kwa namna nyingine. Kwa hiyo eneo la kupaka hushuka hadi katikati ya shavu, na mahali pa kusimama huamuliwa na fundi anayejua mwanga ulitoka upande gani.